Kiitikio cha Bi Batuli

Adila Mrisho alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kupiga na kukata video za harusi. Alikuwa amepanga chumba kimoja Magomeni, hapa Bagamoyo mjini, chenye kompyuta, feni na pazia zito la kuzuia jua lisipige kwenye kioo. Watu walimpenda kwa sababu hakuchelewesha kazi, na kwa sababu bibi harusi asiyependeza alijua kumpendezesha.

Kibwana, mpiga kinanda na kiongozi wa kikundi chao cha muziki, alimletea kazi ya namna nyingine. Kikundi kilipiga onyesho Kiwangwa, baada ya mavuno ya mananasi, na mwimbaji alikuwa Bi Batuli wa Kaole, mama wa miaka sitini na kitu. Adila mwenyewe alikuwepo na kamera zake mbili, moja juu ya miguu mitatu, nyingine mkononi. Watazamaji wanne wakamtumia na klipu walizopiga kwa simu. Sauti safi ilirekodiwa kutoka kwenye miksa ya jukwaani, mashine ya kuchanganyia sauti.

"Nataka watu wakiiona waseme Kiwangwa iliwaka moto," Kibwana alimwambia. "Kiitikio kikiingia, nione mikono juu."

Wimbo ulikuwa wa Bi Batuli mwenyewe, alioutungia mwanawe aliyeondoka nyumbani zamani na hakurudi. Kiitikio chake kilikuwa kifupi: *Mlango nimeuacha wazi, mwanangu, sijaufunga.*

Adila aliipanga kazi kama alivyojifunza. Alizilinganisha klipu zote na sauti ya miksa kwa kutafuta pigo la kwanza la ngoma, akaona klipu za simu zinaachana na sauti kidogo kidogo kila zinavyokwenda mbele, hivyo akazikata vipande na kukilinganisha kila kipande upya, mdomo wa mwimbaji ukae na neno lake. Kisha akatia alama pale beti inapoanza na pale kiitikio kinapoingia. Kwenye beti aliiacha picha moja ikae muda mrefu, uso wa Bi Batuli tu, maana maneno yanataka kusikilizwa. Kwenye kiitikio alitaka picha zibadilike haraka, kila mkato uangukie kwenye pigo la ngoma, mwimbaji, kisha watu, kisha mwimbaji.

Tatizo lilikuwa watu. Kiitikio kilipoimbwa Kiwangwa, hadhira ilisimama kimya. Wengine walishika shavu. Cha mwisho waliitikia wote, lakini kwa sauti tu; mikono juu aliyoitaka Kibwana haikuwepo.

Mahali pamoja tu ndipo mikono ilipoinuka, nako kulikuwa katikati ya beti ya pili. Bi Batuli alisahau maneno. Alisimama, kipaza sauti mkononi, wapigaji wakawa wanarudia kipande kilekile kumsubiri. Vijana upande wa kushoto wakaanza kumzomea, wakaruka, wakainua mikono, vinywa wazi. Mmoja mwenye kofia ya njano alikuwa anacheka mpaka anainama. Kelele ilipotulia, akina mama waliokuwa mbele kabisa wakamshikia kile kiitikio, taratibu, bila kipaza sauti, mpaka naye akaipata njia.

Adila aliitazama sehemu hiyo mara nyingi. Kisha akaitoa. Kwa kuwa wapigaji walikuwa wanarudia mzunguko uleule, aliondoa mizunguko mizima, akaunganisha pigo na pigo, na sikio halikugundua mshono. Akina mama aliwatupa, picha yao ilikuwa ya giza na haikuchangamka. Lakini wale vijana aliwachukua. Bila sauti yao, walionekana kama watu waliopagawa kwa furaha. Akawaweka nusu pigo kabla kiitikio hakijaingia, akawarudisha tena ndani yake, mara tatu. Video ikawaka.

Hakujidanganya. Alijua wale walikuwa wanafanya nini. Alijiambia kwamba picha isiyo na sauti haina shahidi.

Kibwana alifurahi mno, akaipandisha mtandaoni siku ileile. Siku ya pili akaenda na Adila Kaole kumwonyesha Bi Batuli. Walimkuta kwake ukumbini na jirani zake.

"Shikamoo, bibi," Adila alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni."

Simu ya Kibwana ikasimamishwa juu ya kopo la sukari. Jirani wakatabasamu. Bi Batuli alitazama beti ya kwanza akiwa ameinamisha kichwa, kama anamsikiliza mtu mwingine. Kiitikio kikaingia, na wale vijana wakaruka.

"Irudishe," alisema.

Kibwana akairudisha.

"Yule wa kofia ya njano," Bi Batuli akasema polepole. "Yule nilikuwa namtazama usoni. Hawa ndio waliokuwa wananicheka."

Kibwana akamgeukia Adila; yeye kweli hakuwa amezitambua picha zile.

"Ulijua, mwanangu?" Bi Batuli alimuuliza Adila.

Adila alitamani kusema kwamba klipu zilikuwa nyingi na zilichanganyika. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akauona mkono wa Bi Batuli umetulia kwenye kanga, haumlaumu, unangoja tu.

"Nilijua, bibi."

"Kumbe," Bi Batuli alisema. "Mimi naimba mlango wa mwanangu, na wewe unawaleta hao wanicheke mbele yake. Na yeye kama yuko hai ataiona hii."

Adila alitazama mkeka. Aliomba radhi, akaomba tena. Chai ililetwa, akainywa kwa sababu kuikataa kungekuwa aibu ya pili.

Kibwana aliiondoa video jioni. Adila alirudi chumbani akaanza upya. Aliirudisha mizunguko aliyoiondoa, pamoja na kimya cha Bi Batuli na zomeazomea ilivyokuwa. Akina mama aliwapandishia mwanga kiasi picha ilivyostahimili, akawaacha bila kuwakatakata, kiitikio kizima, sauti yao ndogo ikisikika kwa taabu chini ya kinanda. Mikato ya kasi aliiweka kwenye kiitikio cha mwisho peke yake, pale Kiwangwa nzima ilipoitikia kweli, na hata hapo aliikata kwa kufuata watu, kadiri walivyozidi kuingia.

Bi Batuli aliitazama hiyo mpya mpaka mwisho. "Hapa nimesahau," alisema, "na hapa wamenishika. Hivi ndivyo ilivyokuwa." Hakumsifu.

Lakini ile ya kwanza ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu. Miezi miwili baadaye Adila alikwenda Chalinze kupiga video ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, akaingia mgahawa wa kando ya barabara. Kwenye runinga ya ukutani kofia ya njano ilikuwa inaruka. Dereva wa lori aliyekaa jirani yake akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Aliyeikata hii fundi," akasema. "Ona watu walivyopagawa."

Adila alisema, "Ndiyo." Hilo tu. Akalipa bila kumaliza chapati.

Nje, kwenye kelele za mabasi, alimpigia Bi Batuli. Alimwambia alichokiona, na alichokijibu.

"Mimi niliiona juzi, hapo sokoni," Bi Batuli alisema. "Niligeuza uso nikaendelea kuchagua samaki."

"Nisamehe, bibi."

"Nilishakusamehe siku ile. Kuiona ni kitu kingine."

Adila alisimama na simu sikioni, begi la kamera likimvuta bega. Bi Batuli akamtakia kazi njema.