Ngazi ya Fundi wa Intaneti

Mtaa mzima ulimwita Kufuli, kwa sababu duka lake lilikuwa na kufuli tatu mlangoni na bado hakuwa akilala mpaka aliangalie kwenye simu. Alikuwa amefunga kamera juu ya mlango, ikitazama barabara na nguzo ya nyaya iliyo mbele. Yeye na mkewe waliishi ghorofani, juu ya duka, na rauta moja ya intaneti ililisha kote kuwili.

Tangu binti yao aende chuoni, picha ya kamera ilikuwa ikiganda kila usiku wa manane. Kufuli alizima rauta alfajiri, akaiwasha, picha ikarudi. Usiku uliofuata, yale yale.

Fundi wa kampuni ya intaneti alikuja mara mbili, mchana. Akapima, akakuta kila kitu kiko sawa.

"Mzee wangu, laini inafika kwako vizuri. Kuna kitu humu ndani kinaimaliza usiku. Hebu tuangalie kwenye rauta vitu vilivyounganishwa."

"Humu ndani tuko wawili, mimi na mama watoto, na usiku tunalala," Kufuli akamjibu. "Hitilafu iko kwenu. Njoo usiku uione mwenyewe."

Angeishia hapo, tungecheka tu. Lakini wiki hiyo duka la vipuri la kona likavunjwa, na Kufuli, aliyekuwa na kiti chake cha kudumu kwa kinyozi, akaanza kunong'ona. Kwa nini mtandao ufe usiku tu? Nani anapanda nguzo? Nani anajua kamera zetu ziko wapi? Hakusema fundi ni mwizi. Mtu kama Kufuli hasemi, anauliza tu, na maswali yake yanafanya kazi iliyobaki. Kufikia jioni muuza nyama wa jirani alikuwa ameshajibu yote. Kinyozi hakunyoa vizuri siku ile, masikio yalikuwa kwingine.

Fundi alikuwa amekubali kuja usiku. Siku ya ahadi akapiga simu kwamba angefika usiku, picha ikishaganda. Kufuli akamwambia muuza nyama. Anadai alimwambia tu, kama jirani.

Usiku ule picha iliganda kama kawaida. Kufuli akakaa sebuleni gizani na simu yake. Paka alikuwa amejikunja juu ya kabati la televisheni, juu ya kile kitambaa cha kufuma ambacho mkewe alikifunikia mashine ya gemu ya binti yao isiingie vumbi. Tangu binti aondoke paka hakulala kwingine, na wao walisema anamkumbuka dada yake. Kufuli akanyoosha mkono kumbembeleza. Kitambaa kilikuwa cha moto.

Akamsogeza paka, akakifunua. Kitaa kidogo kilikuwa kinawaka, na mashine ilikuwa ikivuma taratibu. Akawasha televisheni. Michezo imejipanga kwenye kioo, kila mmoja unapakua sasisho lake. Binti hakuwa ameizima mashine, aliiacha usingizini tu, nayo ikawa inaamka kila usiku kujisasisha na kunyonya laini yote. Alfajiri Kufuli alipozima rauta, upakuaji ulikatika, na usiku mashine ikauendeleza pale ulipoishia. Dawa yake ndiyo iliyourefusha ugonjwa.

Akachomoa waya ukutani. Akaona aibu, kisha akacheka peke yake. Simu mkononi ikatikisika, picha ikarudi, safi kuliko ilivyokuwa siku nyingi.

Kwenye picha fundi alikuwa juu ya nguzo, amejifunga mkanda, taa kichwani. Chini yake muuza nyama na wenzake walikuwa wameshaiondoa ngazi. Mmoja alikuwa na rungu. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kufuli.

Akashuka ngazi za nyumba pekupeku. Kufuli zake tatu zikamchelewesha, funguo zikamdondoka mara mbili.

"Mwacheni!" alisema alipotoka. "Kosa ni langu. Ni mashine ya gemu ya binti yangu, iko juu. Huyu hana hatia."

Muuza nyama akamtazama kwa huruma. "Amekutisha, eh? Rudi ndani, mzee. Tuachie sisi."

Juzi neno lake la uongo lililiwa bila chumvi. Hili la kweli hakuna aliyelionja. Ikabidi mkewe, aliyeamka na kusikia yote, ashuke na ile mashine kifuani, bado ina joto, aizungushe wote waiguse kwa mikono yao. Wakaigusa mmoja mmoja. Mwenye rungu akaliteremsha polepole. Hakuna aliyeomba radhi.

Kufuli akaichukua ngazi, akaiegemeza kwenye nguzo, akaishika kwa mikono miwili.

"Shuka, mwanangu. Nimeishika."

Fundi alibaki pale juu. Taa yake ikammulika Kufuli usoni kwa muda mrefu.

"Ashike mtu mwingine," akasema.