Siku Waliyokataa Kunifukuza

Mama alinikalisha ndani kabisa ya benchi la kanisa, kati yake na ukuta. Alijua mimi ni mtu wa kutoka. Tangu niache shule darasa la saba nimetoka kila mahali: mashamba ya mkonge, machimbo ya vito huko Kasigau, gereji za Voi. Pombe ya chang'aa tu ndiyo sijaweza kuitoka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mabati yameshika joto, na mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Nikaikalia. Ndani ya koti nilikuwa na chupa ya maji ambayo haikuwa na maji.

Katika kanisa lile mlevi huitwa mbele, akashika Biblia na kuapa kwamba ameacha. Niliapa mwaka uliopita, nikaacha siku hiyo hiyo. Siku ya pili nikaanguka mlangoni kwa mama, nikirusha miguu, nikajiuma ulimi. Wazee wa kanisa walinikandamiza chini wakikemea pepo. Nilipopata nguvu za kutembea nilikwenda moja kwa moja kwa muuza pombe. Sikurudi kanisani mpaka mama aliponiomba Jumapili moja tu.

Nilingoja kuitwa.

"Leo hakuna kuapa," mchungaji akasema. "Kuna mwenzetu tulimwapisha hapa, mwili wake ukashindwa, akapata kifafa. Tukasema ni pepo. Tulikosea. Anayekunywa kila siku akiacha kwa ghafla anaweza kufa. Ni ugonjwa, una dawa hospitalini. Yule baba wa mwana mpotevu hakumwambia mwanawe akaoge kwanza. Kama umekunywa asubuhi hii, kaa. Hili ni benchi lako."

Hakuna aliyenigeukia. Niliona shingo zilivyokazwa zisigeuke. Wakinifukuza najua pa kwenda. Wakinikaribisha nakwenda wapi?

"Mama, nipishe nikajisaidie."

"Utajisaidia tukitoka."

Kikombe cha meza ya Bwana kilipopita, nilinusa: maji ya zabibu, si divai. Hata hilo walikuwa wamelifikiria.

Baada ya ibada muuguzi mmoja, muumini wa pale, aliketi nasi kwenye chumba cha Sunday school, akanipa chai nusu kikombe nisiimwage.

"Mwisho umekunywa lini, kaka?"

"Jana."

Mama akakohoa.

"Leo, saa kumi na mbili asubuhi," nikasema. "Na nina nyingine hapa."

"Ulishawahi kupata kifafa ukiacha?"

"Huyo mnayemhubiri ni mimi."

Hakucheka. "Basi hatungoji Jumatatu. Tunaenda hospitali sasa hivi, wakulaze, wakupe dawa na kuipunguza kidogo kidogo. Mimi siwezi kukufanyia hapa, na maombi peke yake hayatoshi."

Nilitazama dirisha. Lilikuwa na vyuma.

"Na chupa?" nikauliza.

Mama, ambaye hajawahi kushika pombe maishani, akanyoosha mkono. Akaitia kwenye mkoba wake, kando ya kitabu cha nyimbo, akafunga zipu, kisha akanishika koti mpaka tukafika getini pa hospitali.