Sahihi ya Papa kwenye Barua ya Pensheni

Papa, baba yangu, alifundisha Kifaransa miaka mingi katika shule moja ya Lilongwe, na alipostaafu mfuko wa pensheni ukawa unamlipa kupitia benki. Serikali ilipoturudisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kutoka Area 47, mtaa tuliokuwa tukiishi mjini, ilibidi auandikie barua. Anwani mpya ilikuwa sanduku la posta la kanisa letu. Akaunti mpya ilikuwa ya benki yenye wakala hapa kambini. Mwishoni aliomba athibitishiwe kwa maandishi.

Barua niliiandika mimi. Kusaini ndiko kulikokuwa na shida, maana kiharusi kilikuwa kimeushika mkono wake wa kuume.

"Papa, leta nisaini mi."

Niliijua sahihi ile tangu tukiwa kwetu Kongo, Bukavu. Mwaka niliofeli niliiiga kwenye bulletin, ripoti ya shule ya kusainiwa na mzazi, na yeye hakujua kamwe.

Akakasirika. "Pensheni ni yangu. Mi niko muzima!" Alisaini polepole, ameuma ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mfuko ukajibu kwamba hautabadilisha chochote, kwa sababu sahihi hailingani na ile ya kwenye faili. Aweke alama ya dole gumba mbele ya kamishna wa viapo.

Tukaenda Lilongwe, mwalimu wa watu akawekewa kidole kwenye wino. Tulipotoka alikuwa anakifuta kwenye suruali yake ya kanisani.

"Ungesaini we," akaniuliza, "bangekubali?"

"Hapana, Papa."

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili juu ya sahihi ile.