Upande wa Pili wa Mstari wa Saba

Kazini walimwita Mzee Samaki, ingawa samaki wa kuliwa hakuwagusa kabisa. Samaki wake yeye alikuwa chombo cha kupimia nguvu ya sumaku, chenye umbo la bomba nene, ambacho meli ya utafiti hukikokota kwa kebo ya mita mia tatu ili chuma cha meli kisikivuruge. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekishusha majini, amekipandisha, amekifuta chumvi, amekitukana, na kuzigeuza namba zake kuwa michoro. Digrii hakuwa nayo. Maprofesa walikuja na kuondoka, yeye akabaki na funguo za chumba cha kumbukumbu, na kusema kweli alizibeba kwa maringo.

Maringo makubwa zaidi alikuwa nayo kwa mpwa wake. Binti huyu wa dada yake alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu katika taasisi hiyohiyo, na Alhamisi ya wiki ile ndiyo angesimama mbele ya watahini kuitetea tasnifu yake. Habari za milia ya sumaku alizisikia kwanza kwa mjomba wake, akiwa na miaka kumi na mmoja. Mjomba alimweleza kwamba chini ya bahari kuna safu ndefu ya milima yenye ufa katikati. Mawe yaliyoyeyuka hupanda ufani, hupoa, na yanapopoa hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati huo, hayauachi tena. Kisha hupasuka katikati, nusu ikaenda huku na nusu kule, mapya yakapanda. Na sumaku ya dunia yenyewe ina ukigeugeu wake: mara nyingi imepinduka, kaskazini ikawa kusini, bila ratiba yoyote. Ndiyo maana ukipima kutoka ufani, mlia mpana, mwembamba, mwembamba, mpana wa upande huu utaukuta na upande ule kwa mfuatano uleule. Sakafu ya bahari inatanuka, na milia ndiyo shahidi.

Mtoto akashika hapo hapo, hakuachia tena.

Jumatatu asubuhi Mzee Samaki alikuwa chumba cha michoro, anamchapia mpwa wake mchoro mkubwa wa kutundika ukutani siku ya utetezi. Ilikuwa mistari mitano, iliyochaguliwa kati ya mistari tisa iliyopimwa miaka sita nyuma, kila mmoja ukiwa njia ya meli iliyokatiza ufa kutoka magharibi hadi mashariki. Mzuri kuliko yote ulikuwa mstari wa saba. Pande zake mbili zilifanana kama viatu vya jozi moja, na juu ya mfanano huo binti alikuwa amejenga sura nzima ya tatu.

Karatasi ikatoka. Mzee akainama kukagua wino, akaona kichomo. Upande wa magharibi, kilomita sabini na mbili kutoka ufani, mchoro uliruka juu ghafla kama sindano. Akatabasamu. Alikikumbuka vizuri: meli kubwa ya mizigo ilipita karibu mno na samaki wake, chuma chake chote kikaingia kwenye vipimo, na yeye akaandika tukio hilo daftarini pamoja na matusi mawili.

Halafu jicho likaenda mashariki. Kilomita sabini na mbili kutoka ufani, sindano ileile.

Milia inaweza kufanana pande zote mbili, huo ndio uzuri wake. Lakini meli ya mizigo haikuzaliwa ufani ikapasuka nusu mbili. Alivuta kiti, akakaa, na mambo yakamrudia moja baada ya jingine. Siku ile kebo iliingia maji upande wa mashariki, chombo kikanyamaza saa nane nzima, zikapotea kama kilomita mia moja na thelathini. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja taasisini, na mkurugenzi wa wakati huo alitaka picha isiyo na pengo. Basi yeye, kwa ufundi wake, alichukua namba za magharibi, akazigeuza kama mtu anayekunja shuka, akazibandika mashariki. Ilikuwa kwa ajili ya picha tu. Baada ya wageni kuondoka alipaswa kurudisha 99999, namba ambayo kila mtu wa kazi hii anajua maana yake: hapa hatukupima. Hakurudisha. Alisahau, faili ikaingia ghalani na uongo wake tumboni.

Kwa hiyo mpwa wake alikuwa amelinganisha magharibi na magharibi, akashangaa jinsi zinavyofanana.

Siku nzima alijitia hamnazo. Alijiambia kwamba mistari minne mingine ni halali, kwamba bahari inatanuka iwe yeye amesema au hakusema, kwamba watahini hawatakiona kijisindano. Hata kukifuta angeweza, kwa dakika mbili. Aliifungua faili, akaweka mkono juu ya kibodi, akauondoa. Jioni dada yake akampigia simu kumwuliza avae nini siku ya Alhamisi. Akamjibu avae chochote, akakata simu, na alijichukia kwa namna alivyomjibu.

Jumanne alimkuta mpwa wake mezani, ameegemea kompyuta, anajipima muda wa kuzungumza.

"Mama, kuna kitu kwenye mstari wa saba."

"Usinitishe, Mjomba. Siku mbili zimebaki."

Akamwonyesha sindano mbili. Akamweleza yote, kebo, wageni, shuka, bila kujitetea. Binti alisikiliza akiwa ameshika kalamu. Hakulia wala hakupiga kelele, na mzee angefurahi kama angepiga.

"Nilikuuliza," alisema hatimaye. "Mwaka wa kwanza. Nilikuuliza kwa nini huu umetoka msafi kuliko mingine. Ulinijibu nini?"

Alikumbuka, na aibu ikamchoma. "Nilisema siku hiyo bahari ilitulia."

"Na nini tena?"

"Na kwamba mpimaji alikuwa fundi."

"Nikakuamini. Nikauweka mbele ya yote."

"Nilikuwa nimesahau, mwanangu. Wallahi nilikuwa nimesahau."

"Najua ulisahau, Mjomba. Ndiyo maana naogopa."

Binti alimwandikia msimamizi wake barua pepe kuomba utetezi uahirishwe, akaisoma kwa sauti kabla ya kuituma. Ndani yake alieleza kwamba sehemu ya mashariki ya mstari wa saba haikupimwa, bali ilijazwa ofisini. Alimwuliza mjomba wake kama aandike jina lake au aandike fundi tu. Mzee akasema aandike majina yake yote matatu.

Barua ikaenda. Binti akafungua ile faili, akazibadilisha namba za kilomita mia moja na thelathini kuwa 99999, akachora upya. Upande wa mashariki ukabaki na shimo. Kandokando ya shimo, kwenye vipimo vya kweli, mlia mmoja mpana ulionekana kuanzia karibu kilomita nne nje ya pale magharibi ilipoutabiri. Pengine bahari ilikuwa imetanuka kasi zaidi upande mmoja. Hilo lingekuwa jambo la kuandikwa. Hakuna hata mmoja wao aliyefurahia.

"Mjomba, mstari mwingine uliowahi kuujaza ni upi?"

"Hakuna mwingine. Ni huo tu."

"Una hakika?"

Alifungua mdomo kusema anayo. Miaka thelathini na mmoja, safari arobaini na kitu, wageni wangapi, picha ngapi zilizotakiwa zisiwe na pengo. Watu wa nchi nyingine walikuwa wameazima namba zake, wamezitia kwenye ramani zao.

"Sina," alisema.

Binti akamsogezea kiti. Mzee akatoa funguo mfukoni, akampa, na wakaanza na safari ya kwanza kabisa, ya miaka miwili kabla binti huyo hajazaliwa.