N Fupi ya Mwenzangu

Tulikuwa wawili tukijifunza Kiitaliano pale Mugumu ili tuongoze watalii, mimi na dada mmoja Mwikoma. Tulisikiliza sauti kwenye simu yake, tukarudia kwa zamu, mmoja akimsahihisha mwenzake. Alipotamka papa kwa mkazo wa Kiswahili, nilimrekebisha: mkazo uende mwisho, papà, ndipo awe baba mzazi, ukiwa mwanzoni ni Papa wa Roma. Lakini anni, yaani miaka, alilitamka kwa n fupi, bila kuishikilia. Likawa ani, matundu ya haja kubwa. Nilisikia vizuri kabisa.

"Hivyo ni sawa, kaka?" aliuliza.

Kambi ya watalii tuliyoomba kazi ilitaka mtu mmoja tu.

"Sawa, dada," nikajibu.

Kwenye usaili, akitaka kusema ana miaka thelathini, alisema ana "trenta ani". Waitaliano wawili waliotuhoji walicheka mpaka machozi. Naye akacheka, akidhani amewafurahisha.

Kazi nilipata mimi. Alinipa mkono mlangoni. "Hongera, kaka. Ulinisaidia sana."

Nilishindwa kumwambia. Mpaka leo hajui, na tukikutana sokoni ananichangamkia, nami natafuta sababu ya kuondoka haraka.