R ya Kurudi

Ofisi yetu ya uwakala wa mizigo ilikuwa Changamwe, orofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri. Kazi yetu ilikuwa kuwatolea watu mizigo bandarini: wao walituletea pesa, sisi tukawalipia ushuru, kisha kontena zikatoka. Forodha walikuwa wametupa heshima ambayo kampuni nyingi hazikuwa nayo, ya kulipa kwa hundi yetu wenyewe, bila kwenda kununua hundi ya benki kila mara. Sharti lilikuwa moja tu. Hundi isirudi. Ikirudi hata mara moja, heshima hiyo imekwisha, na wateja wangejua kabla ya jua kutua.

Kwa hiyo kila asubuhi swali letu la kwanza lilikuwa salio. Zamani tulisubiri taarifa ya karatasi, ambayo ilikuja imechelewa. Kisha, katika miaka ya tisini, benki ikaanza kutupa taarifa ya kila siku ndani ya disketi. Tarishi wa benki aliileta pamoja na barua nyingine, ikiwa katika bahasha ya kaki, nami ndiye niliyetia sahihi ya kuipokea.

Ukilifungua faili lile kwenye kioo cha kompyuta, huoni jedwali. Waona mistari iliyobanana, kila mmoja umeanza na namba kati ya nukta pacha mbili. Namba zile ndizo lebo, na kila lebo ina kazi yake. Ishirini na tano ni namba ya akaunti. Sitini yenye herufi F ni salio la kufungulia. Sitini na moja ni muamala, na kila muamala una mstari wake. Themanini na sita ni maelezo ya muamala ulioutangulia. Sitini na mbili yenye F ni salio la kufungia. Senti hutanguliwa na mkato, si nukta, na elfu hazitengwi kwa chochote. Siku ya kwanza bosi alipoona 275800,00 aliruka kitini akidhani tumetajirika, mpaka akaonyeshwa kwamba zile sifuri mbili za mwisho ni senti.

Mtaalamu wetu wa kompyuta alikuwa mtu wa bara, rika langu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuwachekesha watu wa pwani. Aliandika programu ya kuzisoma zile lebo. Ilichukua salio la kufungulia, ikajumlisha kila muamala wenye C, yaani wa kuingiza pesa, ikatoa kila wenye D, wa kutoa, kisha ikalinganisha jibu na salio la kufungia lililoandikwa na benki. Yakiwa sawa, kioo kiliandika YANALINGANA. Yasipokuwa sawa, kompyuta ililia mlio mmoja mwembamba na kuandika HAYALINGANI. Iliangalia pia kwamba salio la kufungulia la leo ni lile lile la kufungia la jana. Kwa njia hiyo iliwahi kugundua kwamba benki imeruka taarifa ya siku nzima. Bosi alikwenda benki mwenyewe, akaombwa radhi na kupewa chai. Tangu siku hiyo aliiamini programu kuliko alivyoiamini benki.

Siku ninayoikumbuka mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilitoka nyumbani Timbwani nikiwa mkavu nikafika Changamwe nimelowa, na simu ya ofisi ilikuwa imekufa, kama ilivyokuwa desturi yake kila mvua ikinyesha. Mezani pa mkuu wangu wa hesabu palikuwa na hundi ya forodha, shilingi laki tano na arubaini elfu, ushuru wa shehena ya vigae. Siku za kukaa bandarini bila kulipia zilikuwa zinaisha siku hiyo. Bosi alikuwa ameshatia sahihi yake. Ilikosekana ya pili, nayo ilikuwa ya mkuu.

Mkuu alikuwa mwanamke wa Kisauni, wa ukoo wa zamani, mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyo taratibu hata kidogo. Sote tulimwita Mama, hata bosi.

Nikaitia disketi. Kompyuta ikalia.

"Nini hicho?" akauliza Mama.

"Hayalingani," nikasema. "Benki yasema tumefunga na laki tatu, kumi na tatu elfu na mia sita. Programu yasema laki sita, themanini na sita elfu na mia nne."

Bosi alikuwa mlangoni, mwavuli mkononi. Uso wake ukachangamka. "Wamekosea tena hao! Mama, tia sahihi. Pesa ipo."

"Benki yasema haipo."

"Benki ilisema hivyo hivyo siku ile. Nani aliyekuwa na haki?"

Mama alikitoa kifuniko cha kalamu, akakirudisha. Bosi akasema anakwenda gereji kutazama lori na akirudi anataka kuiona hundi iko njiani. Tarishi wetu, mtu mzima mwenye baiskeli na koti la mvua la manjano, alikuwa ameketi kwenye benchi, tayari.

"Haya," Mama akaniambia. "Sikiza. Nikitia sahihi na benki ina haki, hundi yarudi kesho na forodha wametufungia mlango. Nisipotia na programu ina haki, shehena yalala bandarini kwa ukaidi wangu, na mwenye mzigo aondoka na vigae vyake kwa wakala mwingine. Nitafutie kosa liko wapi. Na huyo bwana wa kompyuta, mwite."

Mtaalamu akaja, mikono ikinuka wino wa printa. Aliutazama mstari wa mwisho akatikisa kichwa. "Mama, hiyo si kosa yangu. Programu imejaribiwa."

"Si hiyo kosa, ni hilo kosa. Hata kosa lenyewe unalikosea!" akasema Mama.

Tarishi alicheka benchini. Mama hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na dirisha lilikuwa wazi.

Nikaiacha programu, nikalifungua faili lenyewe. Nilitaka kuisoma mistari kama inavyoisoma kompyuta, lebo baada ya lebo, kwa kalamu na karatasi. Lebo ya sitini: C, kisha tarehe iliyoanza na mwaka, kisha KES, kisha 412350,00. Ile C ilimaanisha kwamba pesa ni yetu, si deni letu. Ilikuwa sawa na salio la kufungia la jana yake, basi hakuna siku iliyorukwa. Miamala ilikuwa mitatu tu. Wa kwanza C, laki moja na nusu. Wa pili D, sitini na mbili elfu, mia tatu na hamsini. Kwa hiyo mpaka hapo tulikuwa na laki tano kamili. Niliisoma mara mbili kwa sababu laki tano kamili ilinitia shaka, namba safi mno.

Wa tatu ulikuwa laki moja, themanini na sita elfu na mia nne. Herufi zake zilikuwa mbili: RC.

"Hapa," nikasema. "Programu imeijumlisha. Laki tano ongeza hii, unapata laki sita na themanini na sita na ushei. Ukiitoa badala ya kuijumlisha, wapata laki tatu na kumi na tatu na ushei. Jibu la benki hilo, mpaka senti."

Mama akainama juu ya karatasi yangu. "Na hiyo tofauti kubwa?"

"Ni mara mbili ya muamala huu. Umewekwa upande usio wake."

Mtaalamu akakunja uso. "R ni kurudi. Pesa ikirudi, inajumlishwa. Mama, wewe ndio uliniambia."

"Mimi?"

"Wakati naandika programu. Niliuliza R ni nini, ukasema, 'R ni ya kurudi, mwanangu. Pesa imerudi.'"

Nami niliyasikia maneno hayo siku hiyo, maana meza yangu ilikuwa pale pale. Mama akapiga paja.

"Nilisema, wallahi. Kwani haikurudi? Imerudi kwa mwenyewe! Kwenu bara pesa ikirudi, yarudi wapi?"

"Kwangu."

"Kwako! Hata kama uliazima?"

Tarishi akaangua kicheko, na safari hii mtaalamu naye akacheka, ingawa masikio yalikuwa yamemwiva. Lakini swali lilibaki: je, benki nayo ilimaanisha kurudi gani? Kubahatisha hakukutosha kwa hundi ya laki tano. Nikatafuta kabatini ile karatasi ya maelezo ya lebo iliyokuja na disketi ya kwanza. RD: muamala wa kutoa uliobatilishwa, basi pesa yaongezeka. RC: muamala wa kuingiza uliobatilishwa, basi pesa yapungua. Mpaka siku ile tulikuwa tumepata RD peke yake, na kwa RD kujumlisha ni sawa. RC ingalipita kabla, kompyuta ingalilia siku hiyo hiyo.

"Soma themanini na sita," akasema Mama.

Nikaisoma lebo iliyofuata RC. Ilisema kwamba hundi tuliyoiweka imerudishwa bila kulipwa, na tumwulize aliyeiandika. Jina lililokuwa pale lilikuwa la mwenye vigae.

Tulikuwa tukitaka kumlipia ushuru mtu ambaye hundi yake mwenyewe ilikuwa imegonga mwamba.

Bosi aliporudi hundi ilikuwa bado mezani, bila sahihi ya pili. Alianza kupandisha sauti. Mama akamsogezea karatasi yangu, akaweka kidole kwenye RC, na kumweleza kwa maneno machache. Bosi aliisoma akiwa amesimama, maji yakimchuruzika kwenye mwavuli mpaka sakafuni. Halafu akaketi.

"Ningekwisha," akasema, si kwetu hasa.

Aliipasua hundi mwenyewe. Kisha akatoka mvuani kwenda kutafuta simu inayofanya kazi.

Mwenye vigae alikuja kesho yake asubuhi na mkoba wa pesa taslimu, za kufidia hundi ile na kumalizia ushuru wake, akijitetea na kuapa kwamba mhasibu wake ndiye aliyemponza. Bosi alitaka hundi ya ushuru iandikwe pale pale. Mama alikataa. Pesa ipelekwe benki kwanza, akasema, nayo ataiamini atakapoiona ndani ya faili. Kwa hiyo tulikaa siku nyingine nzima na wasiwasi wetu. Bosi alizunguka kati ya mlango na dirisha, na mwenye vigae akipiga simu kila mara kuuliza kontena zake, maana simu ilikuwa imefufuka kwa ubaya.

Asubuhi iliyofuata bahasha ya kaki ilifika. Mtaalamu alikuwa ameshairekebisha programu: RD jumlisha, RC toa. Hata hivyo Mama aliniambia nisome mwenyewe kwanza, kwa sauti. Salio la kufungulia, C, 313600,00. Ni lile lile la kufungia tuliloliona. Kisha muamala mmoja, C, herufi peke yake, bila R. Kisha salio la kufungia, lililotosha ushuru na kubakisha kidogo. Ndipo tulipoiachia programu, nayo ikaandika YANALINGANA bila mlio.

Mama alitia sahihi kwenye hundi mpya, akaupuliza wino ukauka, na tarishi akaitia hundi ndani ya koti lake la manjano.