Miraba Mia Mbili na Nne

Namshukuru Mungu kwa magoti yanayonifikisha kanisani kila asubuhi, kwa mke ambaye bado ananicheka, na kwa kumbukumbu isiyochoka. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonizuia kumsahau Afisa.

Nilifundisha hesabu Lodwar mpaka nikastaafu. Jumamosi nilikuwa na kilabu cha chesi, watoto wa darasa la sita hadi la nane, katika chumba ambacho joto lake lilifanya vipande vya plastiki vinate vidoleni. Kabla mtoto hajajifunza kumsogeza farasi nilimpa kazi ya kuutazama ubao wenyewe. Nilimuuliza una miraba mingapi. Wote walijibu sitini na nne, nami niliwaambia warudi kuutazama tena, kwa sababu ubao mzima nao ni mraba, na visanduku vinne vilivyokaa pamoja ni mraba, na tisa pia. Walikaa na swali hilo wiki nzima. Msichana mmoja, mtoto wa wafugaji wa karibu na Kalemng'orok, alirudi akisema mia mbili na nne, na jibu alikuwa amelipata mwenyewe.

Muhula uliofuata kulikuwa na mashindano ya hesabu kati ya shule za Lodwar na za Kakuma. Fainali ilifanyika Kakuma, katika ukumbi wa shule ulio nje kidogo ya kambi ya wakimbizi. Mwamuzi mkuu alikuwa afisa wa elimu ambaye kila mtu alimwita Afisa tu. Kabla ya kuingia upande wa elimu alikuwa amefanya kazi ya kupima viwanja vya kambi, kugawa bloku na kuandika namba milangoni. Asubuhi hiyo alinikaribisha chai ofisini kwake, nikanywa, nikashukuru.

Timu zilitoshana. Afisa akasimama na swali la kuvunja sare, akitabasamu kama mtu aliyeficha pipi. Katika ubao wa chesi kuna miraba mingapi, ya kila ukubwa?

Msichana wangu wa Kalemng'orok alisimama hata kabla mwenzake wa Kakuma hajaanza kufikiri. "Mia mbili na nne."

Afisa alitikisa kichwa. Jibu, alisema, ni themanini na tano. Akalieleza ubaoni kwa mwandiko mzuri: visanduku vidogo sitini na nne, ukigawa ubao kwa vinne vinne unapata bloku kumi na sita, ukigawa kwa kumi na sita kumi na sita unapata bloku nne, na ubao mzima, moja. Miraba ya upande wa tatu haiingii sawasawa ndani ya nane, kwa hiyo haipo. Alikuwa akihesabu jinsi alivyopanga kambi. Kwake, nyumba iliyo katika bloku moja haiwezi kuwa katika bloku nyingine, na kisanduku kilichokwisha kutumika kimetumika.

Kukosea tu ningemsamehe siku hiyo hiyo. Lakini msichana alibaki amesimama, na Afisa akataka kujua namba yake imetoka wapi kwa haraka namna hiyo. Akanigeukia mbele ya ukumbi wote.

"Mwalimu alikunywa chai ofisini kwangu asubuhi," alisema. "Swali lilikuwa juu ya meza."

"Kwa hiyo nimeiba swali," nikasema, "halafu nikamfundisha mtoto jibu ambalo wewe unasema si sahihi?"

Watu wachache walicheka, lakini hawakucheka kwa upande wangu. Afisa alisema wako walimu ambao hata kuiba hawajui. Hilo ndilo lililosafiri. Lilifika Lodwar kabla ya basi letu la shule. Mwalimu mkuu hakuniita mwizi. Alisema tu kwamba kilabu kinahitaji damu mpya, akachukua ufunguo wa chumba. Mpaka nilipostaafu sikupeleka tena mtoto yeyote kwenye mashindano. Sokoni watu waliniuliza, wakicheka, kama chai ya Kakuma ilikuwa tamu.

Nililelewa na mapadre. Najua kisasi ni mali ya nani. Kila usiku kwenye rozari yangu nilimwombea Afisa maisha marefu, na Mungu ananijua: nilimwombea maisha marefu ili awepo.

Alikuwepo. Mwaka jana shule moja ya hapa Lodwar ilichora ubao mkubwa wa chesi kwenye sakafu ya saruji mbele ya madarasa, kila kisanduku kikiwa na upana wa hatua moja, na vipande vya mbao vinavyomfikia mtoto kiunoni. Mgeni wa kuuzindua alikuwa Afisa, naye sasa amestaafu. Mwalimu wa michezo, kijana asiyejua habari za zamani, alinijia nyumbani kuuliza kama, nikiwa mzee wa chesi, ningeweza kuandaa kitu kidogo cha kuwachangamsha watu baada ya hotuba.

"Ejok," nikamwambia. Ni vizuri.

Mke wangu alinikuta uani nikipima kamba.

"Unakwenda kufunga mbuzi, mzee?"

"Ni ya watoto. Mchezo."

"Mchezo." Aliishika ile kamba, akaipima kwa macho. "Basi usiifunge sana shingoni. Yule mtu ana sukari."

Sijui aliambiwa na nani. Nadhani hakuambiwa.

Siku yenyewe Afisa alikuwa amenenepa, ana fimbo, na aliponiona alinipa mkono kama vile tu watu wawili waliowahi kusafiri pamoja. Alihutubia. Alisema chesi inafundisha mtu kufikiri kabla ya kutenda. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikapiga makofi. Kisha nikapewa kipaza sauti.

Niliwaambia wazazi na watoto kwamba tuna bahati, maana mgeni wetu ni mtaalamu wa swali moja la ubao huu. Nikamwomba atukumbushe: una miraba mingapi, ya kila ukubwa? Niliona swali likimgusa mahali fulani, lakini halikumshtua. Alitabasamu tabasamu lile lile.

"Themanini na tano," alisema.

Namshukuru Mungu kwa sauti ile ya kipaza. Ilifika mpaka barabarani.

Niliita watoto wanne, nikawapa kamba iliyofungwa ikawa duara moja, kila mmoja ashike kona. Niliwasimamisha ili kamba izunguke visanduku saba kwa saba, kuanzia kona ya kushoto ya mbele.

"Bwana Afisa, hiki kilichozungukwa na kamba ni mraba?"

"Ni mraba."

"Wa upande wa saba. Uliuhesabu?"

"Saba haiingii ndani ya nane."

"Lakini uko hapo chini, watoto wameushika."

Watu walianza kusogea karibu. Niliwaambia wale wanne wapige hatua moja kulia, wote pamoja.

"Na huu?"

Alitazama kamba. "Umetumia visanduku vile vile."

"Sijauliza vimetumika mara ngapi. Ni mraba, au si mraba?"

"Ni mraba," alisema, taratibu.

"Ndio ule wa kwanza?"

Watoto wakarudi hatua moja nyuma, mraba wa tatu, wakaenda kushoto, mraba wa nne. Hapakuwa na pengine pa kwenda. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema kwa sauti, "Nne," kisha akacheka kwa kuwa amepata. Nikafupisha kamba iwe ya upande wa sita. Nafasi tatu kulia, tatu kwenda nyuma, tisa. Watu walikuwa wanahesabu wenyewe sasa. Tano, kumi na sita. Nne, ishirini na tano, siyo nne zake. Tatu, ambayo alisema haipo, thelathini na sita. Mbili, arobaini na tisa. Niliwaachia watu waongeze zile sitini na nne na ule mmoja mkubwa, na walipofika mwisho walipiga kelele za mia mbili na nne kama vile ng'ombe waliopotea wamerudi.

Yule msichana wa Kalemng'orok alikuwa amesimama nyuma. Sasa ni mwalimu kule Lowarengak. Nilikuwa nimempigia simu aje. Hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama Afisa tu, na Afisa alimwona, na nadhani alimkumbuka.

Afisa akaniomba kipaza sauti.

"Nilikosea," alisema. "Huyu dada alikuwa sahihi. Na mwalimu hakuiba swali. Sikuwa na sababu ya kusema vile."

Makofi yalipigwa. Padre wetu, aliyekuwa amekuja kubariki ubao, alinitazama kwa macho ya kuniambia, imetosha, mpe mkono. Nilimpa mkono. Nikauvuta, nikasema sikioni kwake, "Ulinishtaki Kakuma. Kaseme huko."

"Mwalimu, nina miaka yangu. Ile barabara."

"Barabara ni ile ile niliyorudi nayo."

Alikwenda. Mwezi huo huo alikwenda, na mimi nikaenda naye, kwa sababu nilitaka kusikia. Mwalimu mkuu wa sasa, mtu mpole, alitupa wanafunzi wa darasa la saba na la nane katika ukumbi ule ule. Nilikaa mstari wa mbele. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa sala nyingi kuliko nilizomwombea mama yangu.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja wa siku ile. Walimu walihamishwa. Watoto wa wakati ule wengine walipelekwa ng'ambo, wengine walirudi Sudan Kusini na Kongo. Mbele yetu walikaa watoto wanaoongea Kiswahili cha namna nne, ambao hawakumjua Afisa wala mimi.

Alisema maneno yake, yote, bila kupunguza: kwamba jibu lilikuwa mia mbili na nne, na kwamba sikuiba swali. Feni ilikuwa inapiga kelele.

"Sikusikia vizuri," nikasema. "Rudia."

Alirudia. Watoto wa nyuma walicheka kidogo, hawajui wanacheka nini.

Nilikuwa karibu kusimama tuondoke wakati mvulana mmoja alipoinua mkono akauliza kwa nini, kwa Kiswahili cha Kongo. "Lakini, Mwalimu, ni juu ya nini inakuwa mia mbili na nne?"

Afisa alinitazama, kama anayeomba ruhusa. Sikumpa wala sikumnyima. Akachukua chaki. Alichora ubao wote, mistari yake imenyooka kama ya mtu aliyepima viwanja maisha yake yote, akawaambia kosa lake la kwanza ni kudhani kisanduku kimo katika bloku moja tu. Akachora mraba wa upande wa tano pembeni, akausogeza kwa kidole, nafasi kwa nafasi, na kwa kila nafasi alimwita mtoto mmoja aseme kama ni mpya. Watoto waliinuka kwenye madawati. Aliandika kumi na sita. Akashuka kwenye nne, kwenye tatu, akiwaacha wakosee, akiwangoja.

Nilimfuata kila hatua. Nilitafuta kosa. Alipofika mwisho akajumlisha kwa sauti pamoja nao, na ilikuwa sahihi, na alikuwa amewafundisha vizuri, na nilikaa pale mstari wa mbele nikiwa na hasira nisiyojua niipeleke wapi.